Tathmini ya Mwisho wa Mwaka: Kuandika Wasilisho Lenye Takwimu za Kweli

Mwaka wa tathmini katika utumishi wa umma nchini huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Katika wiki hizo za mwisho, ofisini, zahanatini na katika vituo vya kilimo, wafanyakazi huzitafuta fomu walizojaza mwaka uliotangulia ili wakumbuke waliahidi nini. Idara nyingi sasa haziridhiki na fomu peke yake. Mfanyakazi huitwa mbele ya msimamizi wake, wakati mwingine pamoja na wenzake wa kaunti ndogo, na kupewa dakika 10 hivi za kueleza mwaka wake kwa slaidi chache. Hapo ndipo wengi hukwama. Wengine huorodhesha mikutano waliyohudhuria. Wengine hujaza asilimia 100 kila mahali, kisha wakafika kwenye sehemu ya mambo ya kuboresha na kuandika kwamba udhaifu wao ni kupenda kazi kupita kiasi.

Makala haya yanafuata wasilisho moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwenye kazi ni muuguzi msimamizi wa zahanati ndogo upande wa Kombewa, Kaunti Ndogo ya Seme, kati ya barabara ya lami iendayo Bondo na ufuo wa ziwa. Muuguzi huyo na takwimu zake ni mfano uliotungwa, lakini rejista anazotumia, chanjo anazotoa na kipimo anachotathminiwa nacho ni vile vile vinavyotumika kila siku.

Malengo matatu na hesabu yake

Julai iliyopita muuguzi alikubaliana na msimamizi wake kuhusu malengo matatu. La kwanza, akina mama wajawazito 150 wafikishe angalau ziara ya nne ya kliniki. La pili, watoto 190 wapate chanjo ya kwanza ya surua na rubela kabla ya kutimiza mwaka mmoja. La tatu, zahanati ifanye kliniki 12 za nyanjani, moja kila mwezi.

Mwisho wa mwaka rejista zilionyesha akina mama 159, watoto 165 na kliniki 12. Hesabu ya kila lengo ni rahisi: kilichopatikana hugawanywa kwa kilichoahidiwa, kisha huzidishwa kwa 100. Akina mama ni asilimia 106, watoto ni asilimia 86.8, kliniki ni asilimia 100. Wastani wa yote matatu ni asilimia 97.6.

Katika fomu ya tathmini ya watumishi wa umma, wastani huo una maana yake. Aliyevuka asilimia 100 huhesabiwa kuwa bora kabisa, na kipimo huandikwa kuanzia 101. Aliyefika 100 kamili ni mzuri sana. Kuanzia 80 hadi 99 ni mzuri, 60 hadi 79 ni wa wastani, na 59 kushuka chini ni hafifu. Muuguzi wetu basi ni mzuri, na hakuna wa kumlaumu. Lakini ngazi ile ya juu iko karibu sana, na katika mwezi ambao watu wanafikiria kupandishwa cheo au kuongezewa mkataba, ukaribu huo huwasumbua wengi.

Kabla ya kugusa slaidi yoyote, alifanya jambo ambalo wengi huliruka. Aliuliza: 165 kati ya wangapi? Lengo lilisema 190, lakini 190 ni namba iliyokubaliwa mezani. Watoto halisi wako kwenye rejista ya kudumu ya chanjo, MOH 510, ambayo humpa kila mtoto mstari wake na nafasi ya tarehe ya kila sindano. Alipitia kurasa zile mstari kwa mstari akihesabu watoto waliotimiza mwaka mmoja kati ya Julai na Juni. Walikuwa 206. Kati yao, 165 walikuwa na tarehe katika nafasi ya surua. Watoto 41 nafasi yao ilikuwa tupu.

Kazi hiyo ilimchukua alasiri mbili. Kama angetumia tu fomu za muhtasari wa kila mwezi, MOH 710, asingewaona kabisa wale 41, kwa sababu muhtasari huhesabu sindano zilizotolewa. Mtoto ambaye hakuja hana mahali pa kuandikwa ndani yake.

Watoto 41 walikuwa wapi

Akiwa na orodha hiyo mkononi, muuguzi aliwaomba wahudumu wa afya ya jamii wawatafute watoto nyumbani na kuangalia kijitabu cha mama na mtoto. Majibu yalirudi baada ya siku tisa. Watoto 17 walikuwa wamechanjwa kwingine, wengi wao katika hospitali ya Kombewa na wengine mjini Kisumu, na tarehe zilikuwa kwenye vijitabu vyao. Watoto 9 walikuwa wamehama na wazazi wao. Watoto 15 walikuwa bado wako nyumbani na hawajachanjwa.

Sasa ujaribu ulikuwa mezani. Akiongeza wale 17 kwenye hesabu yake, watoto waliochanjwa wanakuwa 182. Lengo la pili linapanda hadi asilimia 95.8, na wastani wa malengo yote unafika 100.6, ambao ukikadiriwa ni 101. Mzuri anageuka kuwa bora kabisa bila sindano hata moja ya ziada. Na si uongo wa wazi, maana watoto hao kweli wamechanjwa na wako kwenye rejista yake.

Tatizo ni kwamba wamekwisha kuhesabiwa. Hospitali iliyowadunga iliwaandika kwenye muhtasari wake wa mwezi, na muhtasari huo umeingizwa katika mfumo wa taarifa za afya wa taifa, KHIS. Zahanati ikiwadai tena, watoto 17 wanakuwa 34 kwenye karatasi. Zahanati zote za kaunti ndogo zikifanya hivyo, chanjo itaonekana imeenea huku surua ikiendelea kutembea. Ugonjwa huu huambukiza upesi kiasi kwamba karibu watoto 95 kati ya 100 wanahitaji kinga ndipo usipate njia. Takwimu ikizidishwa kidogo kila mahali, hakuna atakayejua kwamba njia iko wazi.

Kuna namna ya kuwataja bila kuwadai. Slaidi yake ya pili aliiandika hivi:

"Watoto waliotimiza mwaka mmoja kati ya Julai na Juni katika rejista yetu: 206. Waliopata surua ya kwanza hapa zahanatini: 165, sawa na asilimia 86.8 ya lengo la 190. Waliothibitishwa kwa kijitabu kuwa walichanjwa kwingine: 17, hawamo katika hesabu ya lengo. Waliohama: 9. Ambao hawajachanjwa na wako hapa: 15."

Msomaji wa slaidi hiyo anaweza kujumlisha mwenyewe na kufika 206, na hiyo ndiyo alama ya takwimu nzuri katika wasilisho la tathmini. Kila namba ina "kati ya wangapi" yake, ina kipindi chake, na inaonyesha ilikotoka. Wasilisho linaloandika tu "tumeongeza chanjo kwa kiasi kikubwa" haliwezi kukaguliwa na mtu yeyote. Linaloandika "asilimia 86.8" bila kusema ya nini linaweza kukaguliwa kwa shida, na msimamizi mwenye uzoefu atauliza hapo hapo.

Kliniki 12 zilizotimia

Lengo la tatu lilionekana halina neno. Kliniki 12 ziliahidiwa, kliniki 12 zikafanyika. Lakini lengo hili ni la aina tofauti na mengine mawili. Linahesabu alichofanya mfanyakazi, wala halisemi kilichobadilika kwa mkazi. Malengo ya namna hii yamejaa katika fomu za idara zote kwa sababu hutimizwa kwa urahisi. Afisa wa kilimo huandika kwamba amefunza wakulima 300, na kuwa ni wangapi waliopanda walichofunzwa hakuna anayejua. Afisa wa mapato huandika kwamba ametembelea masoko yote, huku vibanda visivyo na leseni vikibaki vile vile.

Muuguzi alifungua daftari la kliniki za nyanjani na kuangalia zilifanyika wapi. Kumi zilikuwa katika vijiji viwili vilivyo karibu na lami, ambako boda boda hufika hata mvua ikinyesha. Mbili tu zilikwenda kwenye ufuo. Kliniki ya kwanza ya ufuoni ilichanja watoto watatu, ya pili watano. Kisha akarudi kwenye orodha ya watoto 15 ambao hawajachanjwa. Kumi na mmoja wao wanaishi ufuoni.

Kliniki zote mbili zilianza saa tatu asubuhi. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mashua huingia alfajiri. Kufikia saa tatu wanawake wa ufuoni wana samaki mikononi, wananunua, wanapima kwa debe na kuanika, na omena asiyeanikwa mapema huharibika. Mama hawezi kuacha mtaji wake kwenye nyavu akapange foleni ya chanjo. Dani, yaani nyanya, angeweza kumleta mtoto, lakini hakuna aliyewapelekea akina dani taarifa.

Hapo lengo lililofikia asilimia 100 lilikuwa limeficha sababu ya lengo lililofikia 86.8. Slaidi ya tatu ilisema: "Kliniki za nyanjani: 12 kati ya 12. Kati ya hizo, 2 zilifanyika ufuoni, ambako wako 11 kati ya watoto 15 ambao hawajachanjwa. Saa ya kliniki ilipangwa bila kuwauliza wanawake wa ufuo."

Sentensi ya mwisho ni fupi na inauma. Haisemi kwamba jamii haina mwamko, maneno ambayo yamechoka katika ripoti nyingi. Inasema nani alipanga saa, na alichokosa kufanya.

Watoto sita waliorudishwa

Wasilisho lingeweza kuishia hapo na likawa zuri. Muuguzi alipotazama tena vijitabu vya watoto wale 15, aliona jambo jingine. Sita kati yao walikuwa wamefika zahanatini baada ya kutimiza miezi tisa. Tarehe za kupimwa uzito ziko kwenye vijitabu vyao, na wawili walipewa matone ya vitamini A siku hiyo hiyo. Walifika, wakapimwa, wakarudi nyumbani bila sindano ya surua.

Sababu yake kila muuguzi wa chanjo anaijua. Kichupa cha chanjo ya surua na rubela kina dozi 10. Unga wake ukishachanganywa na maji yake, lazima utumike ndani ya saa sita, na kinachobaki hutupwa. Akija mtoto mmoja na kichupa kikafunguliwa, dozi tisa zinamwagwa. Daftari la chanjo litaonyesha upotevu wa asilimia 90 siku hiyo, na mwisho wa mwezi mtu atauliza. Kwa hiyo katika zahanati nyingi kuna siku ya surua, pengine mara moja kwa wiki, na mama anayekuja siku nyingine huambiwa arudi. Shirika la Afya Duniani linashauri kinyume: kichupa kifunguliwe hata mtoto akiwa mmoja, kwa sababu mama aliyeambiwa arudi huenda asirudi. Watoto hawa sita hawakurudi.

Uamuzi wa kuwa na siku ya surua ulikuwa wake. Hakuna aliyemwandikia barua. Aliukuta utaratibu huo alipohamia zahanati hiyo, akauendeleza kwa sababu ulilinda daftari lake.

Je, jambo kama hili liandikwe kwenye tathmini ambayo itakaa kwenye faili? Wenzake wawili walimshauri asiliandike. Mmoja alisema fomu inaomba mahitaji ya mafunzo, haiombi kukiri makosa. Hoja hiyo ina nguvu kuliko inavyosikika, kwa maana kuna wasimamizi ambao hukumbuka kosa lililokiriwa na kusahau yaliyofichwa. Lakini kijitabu kiko mkononi mwa mama, na tarehe imeandikwa. Mtoto mmoja kati ya wale sita akilazwa na surua, wakaguzi watafika kwenye tarehe ile kwa dakika chache. Zaidi ya hapo, sehemu ya mambo ya kuboresha isipogusa utaratibu wa kichupa, Julai ijayo zahanati itaweka lengo lile lile na kulikosa kwa sababu ile ile.

Aliliandika. Namna alivyoliandika ndiyo inayofaa kuangaliwa kwa karibu.

Rasimu yake ya kwanza ilisema: "Kulikuwa na changamoto ya upotevu wa chanjo iliyosababisha baadhi ya watoto kukosa huduma." Hakuna mtu katika sentensi hiyo. Changamoto ilikuwepo, watoto wakakosa, kama mvua inavyonyesha. Rasimu ya pili ilielemea upande wa pili: "Mimi ni mzembe na nimewaangusha watoto sita." Hiyo nayo haimsaidii anayetathmini, kwa sababu inazungumzia tabia ya mtu na kuacha kitendo kinachoweza kubadilishwa. Iliyoingia kwenye slaidi ya nne ilikuwa hii:

"Watoto 6 walifika zahanatini wakiwa na umri wa kupata surua na hawakuchanjwa, kwa sababu nilikuwa nikifungua kichupa siku moja tu kwa wiki. Kuanzia tarehe 1 Julai kichupa kitafunguliwa siku yoyote mtoto anapofika. Upotevu wa chanjo utaongezeka. Naomba ukadiriwe katika maombi yetu ya chanjo ya robo mwaka."

Ina kitendo, ina namba, ina tarehe ya kubadilika, na ina gharama ya mabadiliko hayo. Gharama ndiyo wengi huisahau. Wakija watoto watatu siku moja, dozi saba kati ya 10 zitamwagwa. Asipolisema hilo sasa, mwaka ujao atahojiwa kuhusu upotevu, atarudi kwenye siku ya surua kimyakimya, na hakuna atakayejua.

Lililo lake na lisilo lake

Katika mwaka huo friji ya chanjo iliharibika mwezi wa Novemba na ikatengenezwa baada ya wiki tatu. Hilo pia lilipunguza watoto, na kulitaja ni haki yake. Lakini mahali pake pa kwanza palikuwa mapitio ya nusu mwaka, yanayofanyika karibu na Desemba. Fomu ina sehemu yake huko: lengo linaweza kupunguzwa, kuongezwa au kubadilishwa, na sababu ikaandikwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili. Yeye alitaja friji kwa mdomo tu, kwa hiyo lengo la 190 lilibaki vile vile. Mwezi wa Juni hawezi kulishusha lifike 175 kwa sababu ya friji ya Novemba. Anachoweza ni kuieleza kwa mstari mmoja, akionyesha tarehe ilipoharibika, tarehe aliporipoti na tarehe ilipotengenezwa, kisha akaendelea.

Hapa kipimo cha haraka kinasaidia. Jambo ambalo angeweza kulibadilisha bila kusubiri mtu mwingine ni lake, na linaingia kwenye mambo ya kuboresha. Saa ya kliniki ni yake. Kichupa ni chake. Friji si yake, ila kuchelewa kuripoti kungekuwa kwake. Pesa za mafuta ya boda boda ya kufikia ufuo si zake, lakini kutoziomba kwa maandishi ni kwake. Wasilisho linaloweka kila kitu upande wa serikali halina mtu wa kutathminiwa, na linaloweka kila kitu upande wa mfanyakazi linaficha kazi ambayo wakubwa wake wanapaswa kuifanya.

Mbele ya msimamizi

Slaidi zilikuwa tano: malengo na matokeo kwa ujumla, watoto 206, kliniki za nyanjani, watoto sita, na mpango wa mwaka ujao. Lengo la akina mama wajawazito, ambalo lilipita asilimia 100, lilipata mistari miwili tu kwenye slaidi ya kwanza. Lilikwenda vizuri na halikuhitaji maneno zaidi. Majina ya watoto hayakuonekana popote kwenye ukuta, kwa maana taarifa za afya za mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na chumba kilikuwa na watu wa idara nyingine. Orodha yenye majina ilibaki ndani ya bahasha, pamoja na nakala za kurasa za rejista, tayari kwa msimamizi peke yake. Slaidi alizihifadhi pia kwenye simu na kuzichapisha nakala tatu, kwani umeme ukikatika projekta haina kazi.

Msimamizi wake, muuguzi wa miaka mingi, alisimamisha kwenye slaidi ya pili.

"Sista, hawa 17 mbona umewaacha nje? Si wamechanjwa?"

"Wamechanjwa, Madam, lakini wako kwenye muhtasari wa hospitali. Nikiwaweka na mimi watahesabiwa mara mbili."

Msimamizi aliandika kitu pembeni ya nakala yake. Kwenye slaidi ya nne alinyamaza kwa muda.

"Na hawa sita, ni wangapi wamechanjwa mpaka leo?"

"Wanne. Wawili mama yao yuko kisiwani kwa biashara ya samaki, anarudi mwisho wa wiki. Mhudumu wa jamii ana namba yake."

Swali hilo huulizwa karibu kila mara, na wasiojiandaa hulijibu kwa kusema kwamba mipango inaendelea. Aliyekuja na kasoro ya kweli bila kuonyesha alichokwisha kufanya kuhusu kasoro hiyo ameleta nusu ya habari. Muuguzi alikuwa ameanza kuwatafuta watoto hao siku ile ile alipoiona orodha, wala hakusubiri tathmini.

Mpango kwenye slaidi ya tano ulikuwa wa mambo matatu, kila moja likiwa na tarehe. Kichupa kufunguliwa siku yoyote kuanzia 1 Julai, na idadi ya watoto waliorudishwa bila chanjo kuandikwa kila mwezi, lengo likiwa sifuri. Kliniki ya ufuoni kufanyika kila mwezi saa tisa alasiri, baada ya omena kuanikwa, saa ambayo iliamuliwa pamoja na wanawake wenyewe na kamati ya usimamizi wa ufuo. Na kila tarehe 5 ya mwezi, orodha ya watoto waliotimiza miezi kumi bila surua kutolewa kwenye MOH 510 na kupewa wahudumu wa afya ya jamii. Kwa mafunzo aliomba kitu kimoja tu: siku mbili na afisa wa takwimu wa kaunti ndogo ili ajifunze kutoa orodha hiyo kwa haraka, maana alasiri mbili kila mwezi hana.

Lengo la mwaka ujao nalo lilibadilishwa. Badala ya "watoto 190", liliandikwa "asilimia 92 ya watoto wote walio kwenye rejista wanaotimiza mwaka mmoja, bila kuhesabu waliohama, na waliochanjwa kwingine wakionyeshwa peke yao". Ni sentensi ndefu kwa fomu yenye vijisanduku vidogo, ikabidi iandikwe kwenye karatasi ya ziada na kutiwa sahihi. Lengo la kliniki 12 liliondolewa. Mahali pake pakawekwa idadi ya watoto wa ufuoni ambao hawajachanjwa: 11 mwezi wa Juni, wasizidi watatu kufikia 31 Desemba, ambapo mapitio ya nusu mwaka yataanza na namba hiyo.

Wastani kwenye fomu ulibaki asilimia 97.6. Msimamizi alitia sahihi chini ya neno "nzuri", na katika nafasi ya maoni akaandika kwamba zahanati nyingine za wadi zihesabu watoto wao kwa rejista kabla ya kuleta mawasilisho yao wiki iliyofuata.